Kolorimita ya kununua: uliza kwanza kama inapokea faili la CCSS

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba amepima kwa kolorimita, kifaa cha kupima rangi za skrini, skrini yake mpya ya rangi pana, yaani inayoonyesha rangi kali kuliko za kawaida, nyeupe ikaingia uwaridi, ilhali ripoti inadai kila kitu kiko sawa. Malalamiko ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na chanzo chake hakiandikwi kwenye boksi.

Kolorimita huona rangi kupitia vichujio vichache visivyolingana kikamilifu na jicho la binadamu, na kosa lake hubadilika kulingana na taa ya skrini. Faili la CCSS hukieleza kifaa wigo wa mwanga wa aina hiyo ya skrini ili kirekebishe hesabu zake. Bila faili hilo nyeupe hukosewa, na ripoti haikuonyi, kwa sababu kifaa kilichokosea ndicho kinachojikagua. Weka pamoja skrini mbili za taa tofauti zilizopimwa kwa lengo moja la D65, nyeupe ya kawaida ya mwanga wa mchana: nyeupe zisipofanana, shuku hapo.

Ndiyo maana naipenda familia ya i1Display Pro, ambayo sasa huuzwa kwa jina la Calibrite. Usikivu wa vichujio umehifadhiwa ndani ya kifaa, hivyo hupokea CCSS kupitia programu ya kupimia skrini ya DisplayCAL bila taabu. SpyderX naiweka ya pili: hupima haraka, ila unategemea aina za skrini alizoziweka mtengenezaji. Spyder kuukuu za bei ya chini ziache. Vichujio vyake huchakaa.

Kinachoniudhi ni vifaa kupunguzwa makusudi. ColorMunki Display ilikuwa na vipuri vya i1Display Pro, lakini ikacheleweshwa upimaji ili iliyo ghali ionekane bora. Mnunuzi analipia kufuli.

Ukishapata profaili ya ICC, faili linaloeleza rangi za skrini yako, usidanganywe na skrini kubadilika rangi kidogo kompyuta inapowaka. Hiyo ni mikunjo ya kusawazisha rangi iliyopakiwa kwenye kadi ya picha, nayo hugusa programu zote. Profaili yenyewe lazima isomwe na kila programu kivyake. Kuhakikisha, weka kwa muda profaili ya majaribio iliyobadilishana nyekundu na kijani iwe ya skrini, kisha funga programu, uifungue upya na utazame picha ya nyanya. Nyanya ikigeuka kijani, programu inasoma profaili. Ikibaki nyekundu, haisomi, na kwenye skrini ya rangi pana itakuonyesha ngozi za watu zilizokolea mno.

Kivinjari cha Firefox hukwamisha wengi hapa. Kwa kawaida hushughulikia picha zenye profaili ndani yake tu. Zisizo nayo, pamoja na rangi za kurasa, huziacha zilivyo. Fungua `about:config` na uweke:

```
gfx.color_management.mode = 1
```

Kisha ifunge na kuifungua tena. Katika programu ya kuhariri picha ya GIMP, tafuta mipangilio ya usimamizi wa rangi na uwashe matumizi ya profaili ya skrini ya mfumo. Ukimaliza jaribio, rudisha profaili yako halisi kabla ya kuhariri chochote.