Usaili wa kundi: alama papo hapo, au kuandika kwanza?

Tuseme wasailiwa sita wa usimamizi wa ghala la asali Tabora wanajadili kwa dakika 30: lori ni moja, vijiji vitatu, waanzie wapi? Msaili anayetoa alama papo hapo humaliza mapema, ila msemaji sana huondoka na alama zote za uongozi, hata kama kazi yake ilikuwa kukatiza wenzake.

Anayeandika kwanza hufuatilia watu wawili tu na kunasa maneno yenyewe: "Dada kasema barabara ya kijiji cha pili imekatika, basi tuanze na cha tatu." Hapo kuna usikivu na mchango katika sentensi moja. Alama huja baadaye, kila msaili peke yake, ndipo walinganishe. Kwa sita, wanahitajika wasaili watatu; ukiwa peke yako, gawa kundi.