Nimeacha Fastest: uzoefu wangu na ovadraivu ya monita ya VA

Miezi mitano sasa natumia monita ya paneli ya VA, 165Hz, na wiki ya kwanza nusura niirudishe. Boksi limeandikwa 1ms lakini nikicheza gemu yenye sehemu za giza, kila kinachotembea kinaburuta kivuli cheusi nyuma yake kama moshi. Nikaingia menyu nikapandisha Overdrive hadi Fastest, kivuli kikapungua kweli ila kikaja kingine kibaya zaidi, mstari mweupe unaong'aa unafuata mgongo wa mchezaji.

Ovadraivu inaisukuma pikseli kwa volteji kubwa kuliko inayohitaji ili iwahi kufika kwenye rangi yake, sasa ukizidisha inapitiliza halafu inarudi, na kule kupitiliza ndiko unakokuona kama kivuli cha kinyume.

Nilifungua testufo.com, tovuti inayopitisha chombo cha anga kwenye skrini, nikakaa nakifuata kwa macho huku nabadilisha setingi moja moja. Mkia wenye rangi ya chombo chenyewe maana yake ovadraivu ni ndogo, mkia mweupe au wa rangi ya ajabu maana yake imezidi. Kwenye 165Hz Fast ilikuwa safi kabisa. Nikashusha hadi 60Hz bila kugusa kingine, Fast ileile ikaanza kutoa mstari mweupe! Sababu ni kwamba kwenye 165Hz fremu inakaa milisekunde 6 hivi tu, kwenye 60Hz karibu 17, kwa hiyo msukumo uliopimwa kwa fremu fupi unapata muda mwingi wa kupitiliza na kubaki unaonekana. Ndo maana ukiwasha Adaptive Sync, ile inayofanya Hz za monita zifuate fremu za gemu, na gemu nzito ikaanguka hadi fremu 70, picha inaharibika ghafla. Kwa gemu hizo mi naweka Normal, Fast naiacha kwa zile zinazoshika 165 muda wote. Kuna monita zinazojirekebishia zenyewe, yangu haimo.

Halafu kuna ile ya kuingiza fremu nyeusi, kwenye yangu inaitwa MPRT, taa ya nyuma inazimika na kuwaka kila fremu. Hii haiondoi kivuli cha pikseli nzito, inaondoa ule ukungu unaotokana na jicho kufuata picha iliyosimama kwa fremu nzima. Niliiwasha kwenye 165Hz nikaona picha mbilimbili chini ya skrini, maana pikseli hazijamaliza kubadilika taa inawaka. Nikashusha hadi 120Hz, nikafunga gemu kwenye fremu 120 kwa vsync, hapo maandishi ya ramani nikawa nayasoma huku naisogeza. Gemu ikishindwa kushika 120 kila kitu kinakuwa viwili viwili, na mwanga wa skrini unapungua sana, kwa hiyo mchana dirisha likiwa wazi siiwashi, na kwa gemu za fremu 60 siigusi kabisa.