Mwongozaji mmoja au zamu?

Kikundi chetu cha wakausha dagaa, Igombe, kimejaribu yote mawili katika kuongoza vikao vyake. Mwongozaji mmoja huanza kwa wakati na mada haimponyoki, ila akisafiri hakuna kikao, na wengine huzoea kumwachia yeye ajibu.

Zamu husuasua mwanzoni. Mama mmoja mwenye haya, zamu yake ya kuongoza ilipofika, aliuliza swali moja tu: mbona dagaa wa kwenye chanja hukauka upesi kuliko wa mchangani? Kanuni ni kila mtu dakika mbili bila kukatizwa, na mwongozaji hajibu. Kimya kilikuwa kirefu, kweli. Kisha mwenzetu akasema, "Chanja hupitisha hewa juu na chini."

Mimi nachagua zamu, mradi aliyeongoza juzi akae kando ya mgeni wa zamu.