Uzoefu wangu: kusimamisha makato ya sakosi nilipoacha kazi

Jamani niwaambie nilivyoona huduma ya sakosi ya kazini nilipokuwa naondoka, maana watu wengi wanadhani ukiacha kazi makato nayo yanakufa yenyewe. Hayafi. Kwenye mfumo wa mishahara makato yamewekwa kama ya kila mwezi, yanajirudia mpaka mtu ayaondoe kwa mkono.

Mimi nilikuwa nakatwa 100,000 kila mwezi, hapo 60,000 inaenda akiba na 40,000 rejesho la mkopo. Nikaandika barua moja ya kusimamisha makato, nikaitaja sakosi, namba ya uanachama, namba ya mfanyakazi na mwezi wa mwisho wa kukatwa, nikapeleka nakala pande zote mbili, sakosi na mhasibu wa mishahara, na yangu nikagongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ule muhuri ndo ulioniokoa baadae. Sakosi peke yake haiwezi kusimamisha makato, inayokata ni ofisi, na mhasibu naye huwa hagusi makato bila karatasi. Halafu ulizia mapema orodha ya mishahara inafungwa tarehe ngapi, kwetu ilikuwa 15, barua ikifika tarehe 18 mwezi huo unakatwa tu hata ulie.

Mshahara wa mwisho ulikatwa 100,000 kama nilivyoandika, hapo sina neno. Shida ikaja kwenye malipo ya kuondokea, yale ya siku za likizo ambazo sijachukua, kwa sababu yalilipwa peke yake baada ya mshahara na mfumo ukayachukulia kama mshahara mwingine ukakata tena 100,000. Hii inatokea sana sehemu ambazo malipo ya mwisho yanapitishwa pembeni, na ukiangalia hela iliyoingia benki tu huwezi kujua, inabidi uombe salari slipu ya malipo hayo pia, sio ya mshahara tu.

Nikaenda sakosi kuuliza. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri kweli, akanitolea taarifa ya akaunti, ile 100,000 ya pili haimo. Ofisini nako wananiambia tumeshapeleka. Wote walikuwa wanasema kweli! Mwajiri hapeleki hela ya mtu mmoja mmoja, anapeleka jumla ya wote na orodha ya majina, na sakosi walikuwa wameshanifunga kwenye mfumo kama mwanachama aliyejitoa, kwa hiyo hela yangu ilikosa pa kuingia ikawekwa kwenye akaunti ya muda ya hela zisizojulikana za nani. Ukikwama hapa usiulize "hela yangu iko wapi", omba waangalie orodha ya makato ya mwezi husika iliyokuja na malipo ya mwajiri, wakiona jina lako humo mjadala umeisha, sakosi ndo wanakurudishia. Jina lisipokuwepo basi hela bado iko ofisini na unamdai mhasibu. Kabla hujajua iko upande gani utazungushwa tu kama mpira.

Kuhusu mkopo, nilikuwa nimebakiza 240,000 na akiba ilikuwa 1,800,000, nikaomba wakate deni kwenye akiba wanipe 1,560,000. Walifanya hivyo, ila omba kiasi cha deni kwa maandishi cha siku ileile wanayofunga, maana riba inahesabiwa kwenye salio na kila mwezi wanaochelewa kukufungia inaongezeka. Nilipata yangu baada ya muda wa notisi ulioandikwa kwenye masharti, kwetu siku 60, na huo wanauhesabu kuanzia barua ya kujitoa uanachama sio ile ya kusimamisha makato. Ni barua mbili tofauti, ukipeleka ya makato tu wewe bado mwanachama na akiba inakaa palepale. Na kama umemdhamini mtu mkopo wake bado, kiasi hicho cha akiba yako wanakishikilia mpaka apate mdhamini mwingine, mimi nilimwambia mwenzangu mapema akabadilisha kabla sijaondoka.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyenijulisha kuhusu hela iliyokaa kwenye akaunti ya muda, na namba yangu ya simu walikuwa nayo! Ningekuwa sijashika slipu zote mbili ingelala humo. Huduma ya mapokezi nawapa nyota nne, uhasibu wao mbili. Hela nimeipata yote, ile 100,000 iliingia benki mwishoni kabisa baada ya akiba.