Uzoefu wangu: kuomba kiti mwendo na mlo wa kisukari kwa barua pepe, kutoka Songwe

Niliandikia shirika la ndege barua pepe kwa niaba ya mama yangu, kuomba huduma hizi kwa safari ya Songwe hadi Dar es Salaam, kisha ndege ndefu ya nje. Huduma yenyewe naipa alama nzuri. Majibu ya barua ya kwanza siyapi.

Barua ya kwanza ilisema tu "anaomba kiti mwendo". Shirika likaandika WCHR, maana yake abiria anapanda ngazi mwenyewe na kiti ni cha kumpunguzia mwendo mrefu. Songwe ndege hupandwa kwa ngazi kutoka uwanjani, na magoti ya mama hayapandi ngazi. Anayeshindwa ngazi lakini anafika kwenye siti yake kwa miguu ni WCHS. Asiyeweza kutembea kabisa, anayehitaji kubebwa hadi kwenye siti, ni WCHC. Kwa hiyo msitaje ugonjwa tu, tajeni anachoweza na asichoweza.

Barua ya pili iliyofanya kazi ilikuwa hivi:

"Ndugu Wahusika, naomba huduma kwa abiria (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), namba ya tiketi na ya kumbukumbu zimeambatishwa. Hawezi kupanda wala kushuka ngazi. Anatembea taratibu hatua chache ndani ya ndege. Hana kiti mwendo chake mwenyewe. Naomba WCHS kwa kila ndege, kwenda na kurudi, pamoja na kumsindikiza anapobadilisha ndege. Naomba pia mlo wa kisukari, DBML. Tafadhali thibitisheni kila ndege peke yake."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. "Ombi limepokelewa" bado si uthibitisho. Kwenye mfumo wao ombi lililokubaliwa huonyesha HK, nanyi mna haki ya kuuliza. Kama tiketi ni mbili tofauti, andikeni barua mbili, kwani ombi la tiketi moja halihamii nyingine. Na ratiba ikibadilishwa, mlo unaweza kudondoka kwenye ndege mpya, hivyo ulizeni upya siku hiyohiyo.

Muda: ombi la kiti mwendo tumeni angalau saa 48 kabla ya safari. Mlo mara nyingi ni saa 24, lakini mimi hutuma vyote pamoja. Kipande kifupi cha ndani msitegemee mlo maalumu, mara nyingi ni kinywaji na kitafunwa tu. Fungasheni ndizi au karanga.

Jambo moja mashirika hayalielezi vizuri: mlo wa DBML huwa na sukari kidogo, ila haileti chakula kwa saa ya mgonjwa. Anayetumia insulini ya kabla ya kula asijidunge mpaka sinia liwe mbele yake, kwa sababu ndege ikitikisika ugawaji husimama na sukari inaweza kushuka ghafla. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini ambako inaweza kuganda.