Nyumba ya wapangaji sita Tegeta: nilighairi kisima, nikaweka matanki

Kwetu maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki, mara nyingi usiku. Wapangaji wangu sita walikuwa wakinunua ndoo kwa shilingi 500, na familia moja ilinionyesha hesabu yake: zaidi ya 30,000 kwa mwezi. Wawili walishanipa notisi, ndipo nikamwita mchimbaji.

Makadirio yake yalikuwa mita 80, na pamoja na pampu na mabomba yakafika milioni 13, kibali cha kuchimba cha bodi ya maji ya bonde hakijaingia humo. Kabla ya kulipa nilikwenda kwa jirani mwenye kisima. Nilinawa kwa sabuni yake, povu likakataa kabisa. Koki zake zilikuwa na ukoko mweupe, na maji ya kunywa bado ananunua. Huku karibu na bahari unaweza kuchimba pesa yote ukaishia kwenye chumvi, na mchimbaji analipwa kwa mita, chumvi si shida yake.

Nikapiga hesabu upya. Watu wangu ni 22, na kila mmoja anatumia kama ndoo tano za lita 20, yaani lita 2,200 kwa siku. Matanki mawili ya lita 5,000 chini yanatosha siku nne na ushee, hivyo mgao ukija mara mbili kwa wiki hatukauki. Pampu ndogo inapandisha maji kwenye tanki la lita 1,000 juu ya mnara. Pamoja na mita ndogo kwa kila mpangaji, nilitumia milioni 4.3.

Niliwaita wapangaji tukakubaliana: kodi inapanda 15,000 kwa kila mmoja, na uniti analipa kwa bei ya bili, bila faida yangu. Hiyo ni 90,000 kwa mwezi, gharama inarudi kwa miaka minne. Kwa kisima ingekuwa miaka 12. Walionipa notisi wamebaki.

Kosa langu kubwa lilikuwa msingi. Fundi alipanga matofali kwa nafasi, na tanki lilipojaa kitako kikaanza kubonyea katikati ya matofali. Tani tano si mchezo. Tulilimwaga lote, tukamwaga zege bapa, siku mbili bila maji. Dai zege kabla tanki halijashushwa.

Mwezi wa tatu mita kuu ilisoma uniti 66, mita ndogo zikijumlishwa zikafika 58. Wapangaji hawakuhusika, hivyo zile nane nililipa mimi. Usiku maji yalipokuja nilitoka na tochi, nikakuta boya la tanki la pili halifungi, maji yanatiririka kwenye bomba la kufurikia hadi mtaroni. Nilibadilisha boya, na mwezi uliofuata tofauti haikufika uniti moja.