Huawei EG8145V5: unaweka vifaa 6, mbona wanaingia 12?

Habari zenu watazamaji wa Moshi na Arusha. Leo tunaangalia ruta ya faiba ya Huawei EG8145V5, na sehemu moja tu: kuweka kikomo cha vifaa vinavyoingia kwenye waifai kwa wakati mmoja.

Ukiwa umeunganishwa, fungua `192.168.100.1`, ingia, nenda `Advanced`, kisha `WLAN`, halafu `2.4G Basic Network Settings`. Tafuta `Number of Associated Devices`. Utakuta 32. Badilisha, bonyeza `Apply`. Kama menyu hiyo huioni, akaunti uliyoingilia imebanwa. Waombe waliokufungia faiba wakuwekee.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Namba hiyo ni ya 2.4G peke yake. 5G ina ukurasa wake na 32 yake. (Hii 5G ni masafa ya gigahezi 5, siyo mtandao wa simu.) Majina ya waifai yakifanana, simu iliyokataliwa upande mmoja inahamia wa pili kimyakimya. Ndiyo maana ukiweka 6 kila upande, wanaingia 12.

Tuchukue nyumba ya Pasua yenye simu 4, kompyuta mpakato 1 na runinga 1. Runinga na simu moja hazishiki 5G. Kwanza tenganisha majina, mfano `Nyumbani` na `Nyumbani5`. 5G ipe 4: simu tatu na kompyuta. 2.4G ina vifaa viwili, lakini ipe 3. Kwa nini? Kwa sababu 5G inachoka haraka kwenye kuta za tofali, na mtu akienda chumba cha nyuma simu yake itahitaji nafasi kwenye 2.4G. Jumla 7, na nafasi ya ziada ni moja tu.

Kuhakikisha, weka 2.4G iwe 1, unganisha simu moja, kisha jaribu ya pili kwa jina hilohilo. Ikijaribu kuunganisha halafu ikaachia, ingawa paswedi ni sahihi, kikomo kinafanya kazi. Rudisha 3. Dalili hiyohiyo ndiyo utakayoiona siku nafasi zikijaa, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha paswedi.

Sasa udhaifu wake, na nasema wazi. Kikomo kinahesabu, hakichagui. Jirani mwenye paswedi akiwahi asubuhi, runinga yako ndiyo inabaki nje. Kwa hiyo badilisha paswedi kwanza, kikomo kifuate. Pia kuna simu zinazoweza kurusha hotispoti huku zimeunganishwa kwenye waifai: ruta inaona kifaa kimoja, kumbe nyuma yake wamo watano. Hao namba hii haiwagusi hata ukiweka 2.

Kwa familia yenye paswedi isiyozagaa, naipendekeza. Kwa nyumba ya wapangaji wanaogawana paswedi, kikomo peke yake hakitoshi.